Nimegombana na mzee jirani yangu, nataka kumsalimia tena bila kurudia yale ya mbuzi, nianzie wapi?

Mpita_Nkuhungu (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)
Wakuu habari za asubuhi. Naombeni msaada wa mawazo maana hili jambo linanikosesha amani kuliko ninavyoweza kulieleza.

Mimi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nilihamia kikazi 2019 nikitokea Muheza. Jirani yangu ni mzee wa Kigogo, umri wa baba yangu kabisa au zaidi. Wakati najenga, mifuko yangu ya saruji ilikuwa inalala sebuleni kwake, miezi miwili, hajawahi kuniambia nihamishe. Mimi na yeye hatukuwahi kupishana neno.

Sasa wiki tatu zilizopita mbuzi wake wawili waliingia kwangu wakala mchicha wote na mashina mawili ya mzabibu niliyokuwa nimeyapandisha kwenye uzio. Mimi natoka kazini nimechoka, nikaenda moja kwa moja mpaka getini kwake nikapaza sauti, wajukuu zake wapo, mkewe yupo, nikasema kama hamuwezi kufuga acheni. Mzee hakunijibu kitu. Alisema "sawa" basi, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nikapita, yeye kakaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini na redio yake kama kila siku, mimi nikajifanya naangalia simu. Tangu siku ile tunapishana kama hatujuani. Mbuzi siku hizi anawafunga, mimi uzio nimeziba kwa miba, hiyo habari kwangu imeisha, sitaki kikao wala kudaiana. Nataka tu kumsalimia turudi tulivyokuwa. Ila kila nikifika pale mdomo unakauka. Neno la kwanza liwe lipi?

Haki_Kwanza (saa 1:52 asubuhi)
Mkuu usikubali kirahisi. Piga picha yale mashina, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaandikishe, mashina mawili ya mzabibu si kitu kidogo, mpaka yakuzalie tena unahesabu miaka. Mwenyekiti amuite akulipe ndo msalimiane.

Mpita_Nkuhungu (saa 1:58 asubuhi)
Kaka nashukuru ila hujanisoma. Sidai. Nimeuliza namna ya kumsalimia.

Sele_wa_Majengo (saa 2:30 asubuhi)
Hili jepesi mno. Chukua sukari kilo mbili na majani ya chai, jioni baada ya magharibi piga hodi, ukikaribishwa kaa, mwambie mzee nimekuja yaishe. Mzee yeyote wa Kitanzania hawezi kukataa. Mimi nilifanya hivyo kwa mama mwenye nyumba wangu na mpaka leo tunaelewana.

Bi_Mjumbe (saa 3:15 asubuhi)
Mwanangu Mpita, kabla sijasema kitu nikuulize mawili. Siku ile ulipoenda getini kwake, ulimwamkia kwanza au ulianza na mbuzi? Na kabla ya ugomvi ulikuwa unamwitaje?

Mpita_Nkuhungu (saa 3:40 asubuhi)
Shikamoo mama. Hapana, nilianza na mbuzi. Na nilikuwa namwita babu, kwa sababu ya watoto wangu, nao wanamwita babu.

Bi_Mjumbe (saa 4:25 asubuhi)
Marahaba. Basi nilivyodhani ndivyo ilivyo. Mimi nimekuwa mjumbe wa shina huku Chang'ombe miaka mingi, ugomvi wa mbuzi, kuku, maji machafu na miziki nimeusikiliza mpaka nimechoka. Nikwambie kitu, huyo mzee hakuumia kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi anajua walikosa, ndo maana alisema sawa na kesho yake akawafunga. Kilichomuuma ni shikamoo mbili ulizomnyima. Ya kwanza ile ya getini mbele ya wajukuu, ya pili ile ya asubuhi ukiwa na simu. Ya kwanza mtu mzima anaweza kuisamehe akasema kijana alikuwa na hasira. Ya pili hasira zilishalala, ukamruka kwa makusudi, hiyo ndo anayoihesabu.

Kwa hiyo kinachotakiwa kurudi ni kilekile kilichotolewa. Sukari haikutolewa, kikao hakikutolewa. Ni shikamoo. Ndo maana unaweza kabisa kurudisha amani bila kutaja mbuzi hata mara moja.

Fanya hivi. Umesema anakaa chini ya mwarobaini asubuhi na redio, hapohapo. Usimfuate ndani na usipige hodi siku ya kwanza, ukipiga hodi unamlazimisha akukaribishe au akufukuze, na yeye bado hajajiandaa kwa lolote kati ya hayo. Pale nje unapita zako, na yeye ana uhuru wa kukujibu au kunyamaza bila aibu. Kama una pikipiki usimsalimie ukiwa juu yake injini inaunguruma, heri uache. Izime kabla hujafika, isukume. Simu iwe mfukoni. Ukifika usawa wake punguza mwendo, geuza uso na mwili kwake, sema "Shikamoo babu." Yote, siyo ile ya kukata ya vijana, "kamoo" unaitupa huku unaenda. Na useme babu kama zamani. Ukisema mzee, au baba fulani, atajua umempeleka mbali.

Halafu subiri kidogo, kama pumzi mbili hivi. Akijibu, sema "asante babu, asubuhi njema" uende zako. Usiongeze neno.

Sele_wa_Majengo (saa 4:41 asubuhi)
Bi Mjumbe kwa heshima zote, sukari ina ubaya gani? Mbona kwangu ilifanya kazi

Bi_Mjumbe (saa 5:05 asubuhi)
Haina ubaya mwanangu, ina wakati wake. Kwako ilifanya kazi kwa sababu mama mwenye nyumba mlikuwa bado mnaongea, nadhani mlikuwa mnadaiana kodi mkanuniana kidogo, nimekosea? Mtu ambaye hamsalimiani ukimpelekea sukari anaiona kama faini. Na faini ni ya kosa, basi lazima kosa litajwe, na yeye kwa ungwana itabidi aseme na lake, mbuzi hao wamerudi sebuleni. Zaidi ya hapo huyu ni mtu mzima, mkewe na wajukuu walisikia, akipokea sukari wataona amenunuliwa kwa kilo mbili.

Sele_wa_Majengo (saa 5:09 asubuhi)
Kweli ilikuwa kodi na tulikuwa tunaongea. Nimekuelewa mama

Binti_wa_Kondoa (saa 6:30 mchana)
Naombeni na mimi niulize hapahapa maana yanafanana. Mimi nimepanga Kizota nyumba ya wapangaji watano, uwani kwetu mmoja. Niligombana na mpangaji mwenzangu, tuko rika moja, kisa alinitolea nguo kwenye kamba zikiwa mbichi akazirundika kwenye beseni ili aanike zake. Ni wiki sasa. Mimi kila asubuhi namwambia "mambo" naye kimya, au anajibu "poa" kwa ukutani. Nimeanza mimi mara nne. Niendelee?

Fundi_Cherehani (saa 7:02 mchana)
Dada hiyo "mambo" ndo tatizo. Mambo ni ya watu wasio na jambo. Wewe una jambo na yeye, halafu unamuuliza mambo, yani kama unamchokoza. Na jibu lake ni poa, unamtaka mtu aseme poa wakati si poa.

Bi_Mjumbe (saa 7:30 mchana)
Fundi umenena. Binti, kwa mwenzio wa rika shikamoo haipo, na mnapishana mara kumi kwa siku, kwa hiyo tumia salamu ya kazi. Mkute anafua au anachota maji, sema "pole na kazi" au "za kufua?" Hapo hujaulizia moyo wake, umeongelea kile anachofanya na mikono yake, atajibu "asante" kabla hajakumbuka kama amekununia. Na usimsalimie kila mkipishana. Mara moja asubuhi inatosha. Mara nne kwa siku anaona unamfukuza.

Na nyie wote, kuna maneno matatu muyaogope katika salamu ya namna hii. "Za siku nyingi", maana umeanza kuhesabu siku na yeye atakumbuka kilichozianzisha. "Mbona kimya", hilo ni shtaka. Na "umenitupa". Hayo maneno ni mazuri kwa mtu aliyesafiri, kwa mliyenuniana naye yanamtaka ajieleze. Salamu iwe ya leo. Umeamkaje, za asubuhi, za kutwa, mnaendeleaje.

Abuu_Hombolo (saa 8:11 mchana)
Sisi Waislamu tumefundishwa si halali kumsusa ndugu yako zaidi ya siku tatu, mnakutana huyu anageukia huku na yule kule, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Kwa hiyo ndugu Mpita, kuanza siyo kushindwa, anayeanza ndo mbora. Wiki tatu ni nyingi, usilale tena.

Mgogo_wa_Mvumi (saa 9:40 alasiri)
Mimi ni Mgogo halisi, ushauri wangu mwamkie kwa lugha yake. Sema "Mbukwa babu." Mzee wa Kigogo akisikia mbukwa kutoka kwa mtu wa Tanga moyo unalainika hapohapo, atacheka na yataisha. Ila ni mbukwa kwa mmoja, wakiwa wengi ni mbukwenyi, usije ukachanganya.

Mpita_Nkuhungu (saa 10:05 jioni)
Mgogo hiyo imenivutia. Sijawahi kumsalimia kwa Kigogo ila naijua. Bi Mjumbe unasemaje?

Bi_Mjumbe (saa 11:20 jioni)
Hiyo ni nzuri na nakubaliana na Mgogo kwamba ingemfurahisha, ila siyo kesho. Kama hukuwahi kumwambia mbukwa miaka yote ya amani, ukaianza baada ya kumfokea, atajiuliza huyu ananitania au ananibembeleza. Hapo ataanza kukupima, na tunataka asipime chochote. Salamu ya kwanza iwe ya mazoea, aisikie kama vile alivyoizoea. Mbukwa iweke, kuna siku utaihitaji.

Mgogo_wa_Mvumi (saa 11:48 jioni)
Mama mimi bado nasema ingefanya kazi. Wazee wetu ninawajua. Lakini sibishani.

Mpita_Nkuhungu (Jumanne, saa 2:45 asubuhi)
Nimerudi na habari siyo nzuri. Leo nimefanya kila kitu. Pikipiki nimeizima kwenye kona, nimeisukuma, upepo wa leo unajua wenyewe vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nikafika nikasema shikamoo babu. Hakujibu. Aliangalia chini, akaongeza sauti ya redio. Nimesukuma pikipiki mpaka nimepita nyumba tatu ndo nikawasha, mikono inatetemeka. Kulikuwa na wazee wengine wawili wamekaa naye kwenye benchi.

Haki_Kwanza (saa 2:58 asubuhi)
Si unaona. Amekudharau. Sasa umeshajishusha na mbuzi hukulipwa.

Bi_Mjumbe (saa 3:30 asubuhi)
Taratibu. Hao wazee wawili ndo jibu lako. Bila shaka aliwasimulia siku zile, kijana kaja kanifokea mbele ya wajukuu. Sasa leo akikujibu marahaba mbele yao upesi hivyo ataonekana hakuwa na neno. Ilibidi anyamaze. Wazee wale wamesikia umeamkia, na ukishapita nina hakika mmoja wao alimwambia kijana amekuamkia. Hiyo imefanya kazi ambayo wewe na mimi hatuwezi kuifanya.

Tena umesema aliongeza sauti ya redio. Mtu asiyekutaka kabisa anakuangalia usoni na kunyamaza, au anaondoka. Huyu alitafuta kazi ya mikono.

Kesho rudia vilevile. Usipaze sauti zaidi ya leo, usirudie mara mbili ukidhani hajasikia. Amesikia. Ukirudia umemwambia wewe ndo mkosefu wa adabu sasa. Na usimtume mtoto apeleke salamu, najua utafikiria hilo. Mtoto atajibiwa vizuri, wewe utabaki palepale, na babu atapata njia ya kuongea na nyumba yako bila kuongea na wewe.

Fundi_Cherehani (saa 3:47 asubuhi)
Swali bi mkubwa, je ukiendelea wiki nzima hajibu? Kuna mahali pa kuacha?

Bi_Mjumbe (saa 4:10 asubuhi)
Shikamoo kwa mtu mzima huiachi, hata asipojibu mwaka, maana hiyo ni adabu yako wewe. Ila zaidi ya shikamoo usiongeze kitu, na utajua kuna jambo lingine hulijui, pengine mtu alipeleka maneno. Hapo ndo unatafuta mzee mwenzake wa kuwaweka pamoja. Na nisisitize, haya yote ni kwa ugomvi uliokwisha. Mbuzi wamefungwa, uzio umezibwa. Kama ni mpaka wa kiwanja na mtu bado anasogeza mawe, msalimie ndiyo, lakini salamu haitarudisha jiwe, peleka mtaani na baraza la kata wasuluhishe. Watu wanachanganya, wanasalimiana vizuri mwezi mzima halafu wanagombana upya kwa kitu kilekile kwa sababu hakuna aliyekigusa.

Binti_wa_Kondoa (saa 1:15 usiku)
Mimi leo nimemkuta anakosha vyombo nikasema pole na kazi, akasema "asante, na wewe pole na mihangaiko". Nilitaka kumkumbatia nikajizuia. Kamba sijaigusa nimeanika kwenye kiti.

Mpita_Nkuhungu (Jumatano, saa 2:20 asubuhi)
Leo alikuwa peke yake. Nikasema shikamoo babu. Kimya kidogo, nikaanza kusukuma pikipiki, nikasikia nyuma yangu "marahaba". Kavu, hakuniangalia. Nikasema asante babu, nikaenda. Nimeshindwa kunywa chai kazini kwa furaha.

Sele_wa_Majengo (saa 2:33 asubuhi)
Mungu mkubwa. Sasa jioni ndo upeleke sukari

Bi_Mjumbe (saa 3:02 asubuhi)
Sele mwanangu achana na sukari. Mpita, marahaba tupu maana yake amepokea heshima yake, bado hajakurudishia neno lake. Siku mbili tatu bakia hapo. Siku akisema "marahaba, hujambo?" ujue mlango umefunguka, hapo ndo unaulizia nyumba, "bibi hajambo?" Siku akikuulizia wewe, watoto hawajambo, yameisha hayo.

Halafu ukitaka kuongeza hatua, badala ya kupeleka kitu, omba kitu. Kaazime jembe au nyundo. Mtu mzima akikuazima kitu chake amekuwa mkubwa kwako tena, hajawa mtu aliyelipwa. Na unapokirudisha umepata sababu ya kupiga hodi mara ya pili.

Mgogo_wa_Mvumi (saa 6:15 mchana)
Mimi nina swali gumu kidogo. Hivi kusalimia tu bila kuomba radhi ni haki? Huyu bwana alimfokea mzee mbele ya wajukuu. Mimi kama mtoto wa yule mzee ningetaka nisikie neno samahani.

Abuu_Hombolo (saa 6:50 mchana)
Hata mimi nafikiri hivyo. Salamu inafungua, lakini kosa la ulimi linaombewa msamaha.

Bi_Mjumbe (saa 7:20 mchana)
Hapo mnaweza kuwa sahihi na mimi nikawa sahihi, sijui. Nimeona wazee wakitaka samahani isemwe, na nimeona wazee wakikasirika ilivyosemwa, kwa nini umenikumbusha. Ninachomwambia Mpita ni asiitangulize. Na kama babu mwenyewe siku moja ataanza, "wewe bwana siku ile ulinifokea", usikimbie na usianze kutaja mzabibu. Hiyo ni haki yake kulileta, si yako. Sema "ndiyo babu, nisamehe", umalize.

Haki_Kwanza (saa 8:05 mchana)
Mimi bado naona mnamtetea mzee tu. Ila endelea kutupa habari mkuu.

Mpita_Nkuhungu (Jumatatu iliyofuata, saa 3:10 usiku)
Wadau nimerudi. Alhamisi na Ijumaa ilikuwa marahaba tupu. Jumamosi nikasikia "marahaba, umeamkaje", nikaulizia bibi, akasema miguu inamsumbua na baridi hii, nikampa pole nikaenda. Jana sikumuona, alienda kanisani.

Leo jioni nikaenda kuazima nyundo, kweli nilikuwa naihitaji, miba ya uzio imeachia upande mmoja. Nikapiga hodi, bibi akanikaribisha, babu akatoka na nyundo mwenyewe bila kumtuma mjukuu. Akanishika mkono. Akaangalia upande wa uzio wangu akasema, "hiyo miba haishiki, tafuta michongoma, mvua zikianza uipande." Nikasema sawa babu. Mbuzi hakuwataja na mimi sikuwataja, walikuwa wamefungwa palepale tunawaona wote wawili.

Samahani bado sijaisema, Mgogo. Iko kifuani. Nyundo narudisha kesho asubuhi.

Mgogo_wa_Mvumi (saa 3:31 usiku)
Kesho ukirudisha nyundo mwambie mbukwa. Mama Mjumbe ataniruhusu?

Bi_Mjumbe (saa 3:50 usiku)
Kesho ruksa.